Saklipu ya masta ya klachi: toa mzigo kwanza, plaizi baadaye

Jumanne jioni ililetwa Landkruza ya utalii hapa gereji kwetu Unga Limited, klachi imezama. Dereva alikuwa ameitoa Mto wa Mbu mpaka Arusha akiingiza gia kwa kusikiliza mlio wa injini. Ukikanyaga pedali inakwenda mpaka kwenye zulia, na zulia lenyewe lilikuwa limelowa mafuta ya breki pale chini ya pushirodi, kile kijiti cha chuma ambacho pedali hukitumia kusukuma pistoni. Hapo hakuna cha kutafuta sana: raba ya nyuma ndani ya masta silinda, ile pampu ndogo ya mafuta inayosukumwa na pedali, imechoka, mafuta yanapita.

"Fundi, kesho saa kumi na mbili nachukua wageni," akaniambia.

Kubadilisha raba za masta si kazi ya usiku kucha. Kinachokula muda ni kitu kidogo kinachozuia pistoni isitoke: saklipu, ile pete ya chuma cha springi iliyokaa kwenye mfereji mdomoni mwa tundu. Nimeona mafundi wazuri, wanaofunga injini bila kukosea, wakishindana na pete hiyo kwa bisibisi mbili na msumari. Nami nilikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo nitaeleza ya Jumanne jinsi ilivyokwenda.

Kwanza plaizi. Saklipu ziko za aina mbili kubwa. Ya nje hukaa juu ya shafti na kuibana kwa kuikumbatia. Ili itoke, lazima ipanuliwe. Ya ndani hukaa ndani ya tundu ikijisukuma kwenye ukuta. Ili itoke, lazima ibanwe iwe ndogo. Plaizi nazo ziko kinyume hivyo hivyo. Ukibana mikono ya plaizi ya nje, ncha zinaachana. Ukibana mikono ya plaizi ya ndani, ncha zinakaribiana. Kama huna uhakika umeshika ipi, ibane mbele ya macho yako kabla hujaipeleka kwenye kazi. Ya masta ya klachi ni ya ndani.

Halafu ncha. Kila upande wa saklipu una jicho, tundu dogo la kuingizia ncha ya plaizi, na ncha inatakiwa ijaze jicho hilo karibu lote, iingie mpaka mwisho. Plaizi nzuri huchorwa ubavuni kipimo cha matundu inayoyafaa. Yenye maandishi 12-25 ni ya tundu la milimita 12 hadi 25, na ncha zake huwa na unene wa milimita 1.3. Inayofuata ni 19-60, ncha milimita 1.8. Masta nyingi za klachi za Toyota zina tundu la karibu milimita 16, kwa hiyo unachukua ya kwanza. Ile kubwa haiingii kwenye jicho, na ndogo zaidi inaingia kirahisi mno: inacheza, inainama, na ikichomoka wakati umebana, pete inaruka. Zile plaizi za bei rahisi zenye vichwa vinne vya kubadilisha sizitaki kwa kazi hii. Ncha zake ni laini, zinapinda ndani ya jicho, na ile skrubu ya katikati ikilegea taya zinapishana.

Tena iwe ya ncha zilizonyooka. Zilizopinda nyuzi 90 zina kazi yake mahali ambapo mkono hauna nafasi, lakini hapa pete iko ndani kidogo ya mdomo na pushirodi imesimama katikati. Unahitaji taya nyembamba, ndefu, zipite ubavuni mwa pushirodi bila kuigusa.

Masta tuliitoa kwenye gari. Watu wengine huifungua ikiwa imefungwa ukutani, wamelala kichwa chini kwenye pedali. Sioni faida yake. Pini ya pedali, nati ya bomba, nati mbili za masta, imetoka. Nikaibana kwenye vaisi kwa kushika flenji yake, si mwili wa silinda, maana alumini ikibanwa inapoteza umbo na pistoni itakwama. Raba ya vumbi nikaivuta nyuma.

Ndani kulikuwa na udongo. Gari za porini zote ziko hivyo. Vumbi lile la huko linapita raba ya vumbi, linakutana na unyevu wa mafuta ya breki, linakuwa kama saruji. Macho ya saklipu hayakuonekana kabisa. Hapa ndipo kijana wangu alipotaka kuingiza plaizi akidhani ameona jicho. Nikamwambia asubiri. Ncha ikikaa juu ya udongo badala ya kushuka ndani ya jicho, unabana pete kwa robo ya milimita tu ya chuma, na hiyo lazima itachomoka. Tulichukua sindano ya kushonea magunia, tukachokonoa kila jicho mpaka likawa na mwanga, tukapiga upepo, halafu tukafuata mfereji mzima kwa ncha ya sindano.

Kutu ilikuwepo, si nyingi. Tukadondosha oili ya kulegeza kutu, tukaiacha robo saa. Neno moja hapo: oili ya namna hiyo ni adui wa raba za mfumo wa breki na klachi, inazivimbisha. Sisi tulikuwa tunatupa raba zote za zamani, kwa hiyo haikutudhuru, lakini baadaye silinda lazima ioshwe kwa spiriti mpaka isibaki hata harufu. Kama raba hazibadilishwi, usiitumie kabisa.

Sasa ndiyo sehemu ambayo wengi wanairuka. Nyuma ya saklipu kuna washa, nyuma ya washa kuna pistoni, na nyuma ya pistoni kuna springi inayoisukuma pistoni nje muda wote. Maana yake saklipu imegandamizwa kwenye ukuta wa mfereji na nguvu ya springi. Ukibana plaizi katika hali hiyo unapigana na vitu viwili, ukakamavu wa pete na msuguano wa mzigo ulioko nyuma yake, na plaizi imetengenezwa kwa ajili ya kile cha kwanza tu. Kwa hiyo mtu wa pili anasukuma pushirodi ndani, milimita tano hivi, na kuishikilia hapo. Kijana akasukuma. Nikaigusa pete kwa sindano, ikacheza. Ile kucheza ndiyo ninayoisubiri. Kama imesukumwa ndani na pete bado imekaza kama imechomelewa, tatizo ni kutu, na dawa yake ni oili tena na kuizungusha pete kidogo kidogo ndani ya mfereji wake kwa kusukuma sikio lake, si kuongeza nguvu kwenye plaizi.

Kanuni hiyo haiko kwenye masta tu. Kwenye flenji ya mbele ya Landkruza zenye ekseli ya mbele iliyo nzima, ukitoa kile kikombe cha grisi utakuta pete ya nje kwenye ncha ya shafti. Ukijaribu kuipanua hivi hivi inasumbua, kwa sababu shafti imerudi ndani na pete imeegemea flenji. Unafunga bolti ya milimita 8 kwenye tundu lililoko mwishoni mwa shafti, unaivuta shafti nje, nafasi inaonekana nyuma ya pete, nayo inatoka bila kelele. Ni jambo lile lile.

Turudi kwenye meza. Miwani ya kazi machoni, na kitambaa juu ya mkono ulioshika masta, kikizunguka mdomo wa silinda. Nilizidharau hizo mbili kwa miaka mingi, mpaka pete moja iliponipita karibu na sikio na kugonga bati la paa. Sikuiona tena. Ncha nikaziingiza mpaka zikagota, nikahakikisha taya zimelala sambamba na pete, nikabana taratibu. Unabana mpaka ukingo wa nje wa pete uache mfereji, basi, hapo unasimama. Ukiendelea kubana kwa sababu tu mikono inakubali, chuma kinapita uwezo wake wa kurudi, na pete inabaki ndogo. Ikishatoka ukingoni, inua upande mmoja kwanza, mwingine utafuata. Pete ikatoka ikiwa bado kwenye ncha za plaizi. Kijana akaachia pushirodi polepole, si ghafla, maana pistoni hufuata mara moja na mafuta yaliyobaki hurukia usoni.

Jicho likikatika, na kwa pete iliyooza hukatika, plaizi haina kazi tena. Sasa ndipo unatafuta kijuma chembamba chenye ncha butu, unainua mwisho mmoja wa pete kuelekea katikati ya tundu, unafuata mzunguko. Lakini angalia ulivyoegemeza. Bisibisi ikitegemea ukingo wa tundu inainua kinyuzi cha alumini, kidogo hata hukioni, na siku ya kufunga kinakata mdomo wa raba mpya inapopita. Niliwahi kumrudishia mteja gari la namna hiyo. Klachi ilikuwa nzuri siku kumi, kisha zulia likalowa tena, na raba niliyoitoa ilikuwa na mkwaruzo mmoja ulionyooka kama wa wembe. Nilitengeneza mara ya pili kwa gharama yangu. Tangu hapo napitisha ukucha kwenye mdomo wa kila silinda kabla ya kuingiza raba. Ukucha ukinasa, nasugua kwa msasa laini kisha naosha.

Kurudisha pete ni kinyume cha kuitoa, isipokuwa jambo moja. Saklipu hukatwa kwa mashine ya kugonga bati, kwa hiyo upande mmoja una ukingo mkali na mwingine umeviringika kidogo. Ukucha utakuambia. Ukingo mkali unaelekea nje, mbali na pistoni, ili uegemee ukuta wa mfereji unaobeba mzigo. Ukiuweka kinyume, ukingo ulioviringika unapanda ukuta huo kila pedali inapoachiwa.

Pete ya zamani niliilaza juu ya mpya iliyokuja na raba. Ya zamani ilikuwa ndogo kwa upana wa uzi. Ingeingia, na ingekaa, lakini isingejaza mfereji, na pistoni ingekuwa na siku ya kuitoa huko barabarani. Mpya ikaingia ikalia, ile "ta" ya chuma kufika chini ya mfereji. Sikuuamini mlio peke yake. Niliishika kwa plaizi nikaizungusha bila kuibana: ikazunguka, maana yake imeingia mfereji wote. Kisha kijana akasukuma pushirodi na kuiachia mara kumi mimi nikiangalia kwa tochi kama kuna upande unaonyanyuka. Haukunyanyuka.

Saa tatu usiku tulikuwa tunatoa upepo kwenye bomba la klachi, dereva mwenyewe akikanyaga pedali.