Ni Marufuku Kutopiga Muziki: Jinsi Orodha ya Masharti Inavyogeuka Maana

Katika kazi ya uhariri nimepitia orodha nyingi za masharti ya nyumba na za majukumu ya kazi. Kosa linalojirudia kuliko mengine ni kuchanganya maumbo ya maneno: kipengele kimoja kinaanza kwa "kulipa", kinachofuata kwa "usilete", cha tatu kwa "usafi wa", cha nne kwa "wapangaji wote wahakikishe". Wengi huliona kama suala la urembo wa maandishi. Kwa Kiswahili si urembo, kwa sababu kitenzi chetu hubeba ndani yake mtendaji, katazo na amri. Ukibadilisha umbo, mara nyingi umebadilisha pia anayeambiwa, au hata umegeuza agizo kuwa kinyume chake.

Chukua orodha hii. Nimeitunga mwenyewe, ila kila kosa lililomo nimekutana nalo zaidi ya mara moja.

Ni marufuku kwa mpangaji:
1. Kuvuta sigara ndani ya nyumba
2. Kutopiga muziki kwa sauti ya juu baada ya saa 4 usiku
3. Usifulie nguo bafuni
4. Kodi ilipwe kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi
5. Usafi wa ngazi na varanda
6. Wapangaji wote wafunge geti
7. Geti hutiwa kufuli saa 5 usiku

Ukiisoma kutoka juu hadi chini bila kusimama, inaonekana inaeleweka. Sasa isome kwa njia nyingine: soma kauli ya kuanzia, kisha kipengele cha kwanza. Rudi juu, soma tena kauli ya kuanzia, kisha kipengele cha pili. Fanya hivyo hadi mwisho, na usome kwa sauti. "Ni marufuku kwa mpangaji kuvuta sigara ndani ya nyumba." Sawa. "Ni marufuku kwa mpangaji kutopiga muziki kwa sauti ya juu baada ya saa 4 usiku." Hapo mpangaji amelazimishwa kupiga muziki usiku. "Ni marufuku kwa mpangaji usafi wa ngazi na varanda." Usafi nao umekatazwa.

Njia hii ndiyo ninayoitegemea kuliko kanuni yoyote ya sarufi. Tunaposoma orodha kwa kushuka tu, sikio hushika kipengele kilichotangulia na kusahau kauli iliyokianzisha, hivyo kosa hupita. Tukirudi juu kila mara, kila kipengele hulazimika kuwa sentensi kamili, na kile kisichoungana hujikwaa papo hapo.

Kosa la "ni marufuku kutopiga" lina chanzo chake. Mwandishi anafikiria anachotaka, yaani muziki usipigwe, naye anaandika kukanusha huko bila kukumbuka kwamba neno "marufuku" limekwisha kukanusha kule juu. Makatazo mawili yanafutana. Kanuni yake ni fupi: chini ya "ni marufuku", "hairuhusiwi" au "haruhusiwi", kitenzi kinaanza na "ku-" pekee, bila "-to-". Ukiiona "kuto-" chini ya kauli ya aina hiyo, simama uisome upya.

Mchanganyiko wenyewe mara nyingi huletwa na namna orodha inavyokua. Mwenye nyumba alianza na makatazo mawili matatu, na "ni marufuku" ilitosha. Baadaye kodi ikachelewa, akaongeza sharti la kodi. Ngazi zikachafuka, akaongeza la usafi. Kauli ya kuanzia ilibaki ileile huku chini yake yakiingia mambo ambayo si makatazo. Kwa hiyo kabla ya kugusa umbo la vitenzi, panga kwanza mambo yenyewe kwa aina. Katika orodha yetu, kipengele cha 1, cha 2 na cha 3 ni makatazo. Cha 4, cha 5 na cha 6 ni wajibu. Cha 7 si katazo wala wajibu, ni taarifa.

Ukishapanga hivyo, dawa iliyo rahisi ni kuwa na orodha mbili, kila moja na kauli yake.

Mpangaji anatakiwa:
1. kulipa kodi kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi;
2. kusafisha ngazi na varanda zamu yake inapofika;
3. kufunga geti kila anapoingia au kutoka.

Mpangaji haruhusiwi:
1. kuvuta sigara ndani ya nyumba;
2. kupiga muziki kwa sauti ya juu baada ya saa 4 usiku;
3. kufulia nguo bafuni.

Geti hutiwa kufuli saa 5 usiku.

Angalia kilichotokea kwa kipengele cha usafi. Kilipokuwa "usafi wa ngazi na varanda", hakuna aliyejua nani asafishe wala lini. Kilipolazimishwa kuwa kitenzi kinachomhusu mpangaji, swali la zamu likajitokeza lenyewe, na mwenye nyumba akalazimika kulijibu. Kodi nayo ni hivyohivyo. "Kodi ilipwe" inamficha mlipaji, na palipo na mdhamini au watu wawili wanaochangia chumba kimoja, ugomvi unaweza kuanzia hapohapo.

Taarifa ya geti nimeiacha nje kwa makusudi. Ningeweza kuilazimisha ifanane na nyingine kwa kuandika "kurudi nyumbani kabla ya saa 5 usiku", lakini hilo ni sharti jipya kabisa. Kufuli kutiwa saa 5 hakumkatazi mpangaji mwenye ufunguo kurudi saa 7. Kipengele kikigoma kuingia katika umbo la wenzake bila kubadilika maana, mahali pake si katika orodha hiyo. Kiandike peke yake, juu au chini.

Wapo wanaotaka orodha moja tu, hasa karatasi ikiwa ndogo na ya kubandikwa mlangoni. Inawezekana, na hapo ninashauri umbo la "a-": "Mpangaji alipe kodi… asafishe ngazi… asivute sigara… asifulie nguo bafuni." Umbo hili lina faida moja kubwa. Katazo lake, "asi-", linaonekana mwanzoni kabisa mwa neno. Ukitumia "ku-" katika orodha yenye wajibu na makatazo pamoja, utaandika "kulipa, kusafisha, kutovuta, kutopiga", na kile "-to-" kilichobanwa katikati ya neno humezwa kwa urahisi na macho ya msomaji aliye na haraka. Sharti la usalama lisitegemee silabi moja inayoweza kupotea.

Umbo hili la "a-" lina mtego wake, nao huwanasa hata wahariri wazuri. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu hubadilisha irabu ya mwisho kuwa "e": alipe, avute, afunge. Vitenzi vingi tulivyovipokea kutoka Kiarabu hubaki na irabu yao: aheshimu, ahifadhi, akabidhi, arudi. Kwa hiyo orodha inayosema "alipe kodi, aheshimu majirani, akabidhi funguo siku ya kuhama" ina ulinganifu kamili, ijapokuwa miisho yake haifanani. Nimewahi kuona mtu akiifumua orodha kama hiyo kwa kudhani imekosewa, akabadilisha viwili kati ya vitatu kuwa "kuheshimu" na "kukabidhi", akaharibu kilichokuwa sahihi. Ulinganifu unatafutwa katika umbo la kisarufi, si katika mwangwi wa miisho.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni amri ya moja kwa moja. Kiswahili hakina umbo la pekee la kukanusha amri, hivyo "lipa" hukanushwa kwa "usilipe", na "lipeni" kwa "msilipe". Orodha inayosema "Lipa kodi mapema. Funga geti. Usivute sigara ndani" iko sawa kabisa. Kinachoiharibu ni kubadilisha idadi ya wanaoambiwa, kwa mfano "Lipa kodi mapema. Fungeni geti. Msivute sigara ndani." Msomaji anajiuliza kama la kwanza ni lake peke yake na mengine ni ya nyumba nzima. Chagua mmoja au wengi tangu mwanzo. Mimi huchagua mmoja, kwa kuwa kila anayesoma huhisi ameambiwa yeye.

Katika orodha za majukumu ya kazi, makosa ni yaleyale ya maumbo, lakini kuna moja ambalo huzidi hapo. Tuseme majukumu ya karani wa mapokezi yameandikwa hivi: "Kupokea wageni na kuwaelekeza. Simu zote zijibiwe. Utunzaji wa daftari la wageni. Awe mchangamfu na mwenye lugha nzuri." Ukivirudisha vyote katika "ku-", viwili vya katikati vinakaa vizuri: kujibu simu zote, kutunza daftari la wageni. Cha mwisho kinakataa. Unaweza kuandika "kuwa mchangamfu", na kwa sarufi itapita, lakini jiulize ni saa ngapi ya siku karani anaifanya kazi hiyo, na atakayempima atapima nini. Uchangamfu ni sifa ya mwombaji. Mahali pake ni sehemu ya sifa, ambako kila kipengele kitaanza kwa "awe": awe na cheti cha kidato cha nne, awe mchangamfu, awe na uwezo wa kutumia kompyuta.

Mwajiri akisisitiza kwamba uchangamfu ni sehemu ya kazi, basi autafsiri kuwa tendo linaloonekana. "Kumsalimu kila mgeni anapoingia na kumwuliza shida yake" ni jukumu; karani anajua la kufanya, na msimamizi aliyekaa pembeni anaweza kuona kama limefanyika. Orodha ya karani ikimalizika itasomeka hivi.

Karani wa mapokezi ana jukumu la:
1. kumsalimu kila mgeni anapoingia na kumwuliza shida yake;
2. kumwelekeza mgeni kwenye ofisi inayomhusu;
3. kujibu simu zote na kuandika ujumbe wa asiyekuwepo;
4. kutunza daftari la wageni.

Ndani ya kipengele cha kwanza na cha tatu mna vitenzi viwili viwili, na vyote vimeshika "ku-". Hapo ndipo wengi huteleza wakidhani wamemaliza, wakaandika "kujibu simu zote na aandike ujumbe". Kwa hiyo unapopitia orodha mara ya mwisho, usiangalie neno la kwanza la kila mstari tu. Fuata pia kila "na" iliyomo ndani ya mstari, uone kitenzi kilichokuja baada yake kina umbo gani.