Cheti cha ubatizo cha kabatini hakitoshi: dhana potofu kuhusu kutangaza ndoa kanisani

Dhana: Cheti cha ubatizo ninacho tangu utotoni, nitapeleka hicho hicho.

Kwa Wakatoliki hiki ndicho kikwazo cha kwanza, na ndicho kinachokula muda kuliko vyote. Cheti cha zamani kinasema tu kwamba ulibatizwa. Paroko anataka kujua jambo jingine: tangu siku ile, hujafunga ndoa mahali pengine? Jibu liko kwenye daftari la ubatizo la parokia ulikobatizwa. Ukifunga ndoa ya Kanisa popote pale, taarifa hupelekwa huko na kuandikwa kwenye daftari, mkabala na jina lako. Kipaimara huandikwa humo pia, na vivyo hivyo upadre na nadhiri za daima za kitawa. Ndiyo maana huombwa cheti kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi sita, kilichonakiliwa kutoka daftari hilo pamoja na maandishi hayo.

Tuseme binti anaishi Nkuhungu, Dodoma mjini, na mchumba wake alibatizwa Manyoni. Wanataka kufunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Septemba 2026. Matangazo ya Jumapili tatu yataangukia tarehe 16, 23 na 30 Agosti, kwa hiyo karatasi zote ziwe mezani kwa paroko kabla ya tarehe 16. Kijana anatuma ndugu yake Manyoni mwishoni mwa Julai, cheti kinarudi kimeandikwa Yohana Petro, huku kitambulisho chake cha NIDA kikisema John Peter. Sisi tunaomjua tunacheka tu, lakini karani wa ofisi ya parokia hacheki. Huenda akatakiwa kula kiapo cha majina kwa wakili, na hapo wiki nzima imekwenda. Angeanza Mei, asingekimbizana na mtu.

Barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo nayo watu huichukulia kama sahihi ya kuomba mlangoni. Aliyehamia Dodoma kikazi na hajawahi kusali jumuiya hata siku moja atamkuta mwenyekiti akimuuliza kwa upole, "Mwanangu, nikuandikie nini, nami sikujui?"

Dhana: Kutangaza kwa upande wa bibi harusi kunatosha, maana ndiko ndoa itakakofungwa.

Matangazo hufanyika kwa pande zote mbili, kwa sababu wanaomjua kijana wako kwao. Paroko wa kijana akimaliza kutangaza, humwandikia mwenzake kwamba hakuna pingamizi. Bila barua hiyo, padre wa Dodoma anakuwa amesikia upande mmoja tu. Waanglikana na Walutheri nao hutangaza, kila kanisa kwa utaratibu wake, hivyo muulize mchungaji wako mwenyewe badala ya kufuata aliyoambiwa jirani. Serikali nayo ina hesabu yake: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla.

Dhana: Mtu akisimama na pingamizi, harusi imekufa.

Inategemea amesema nini. Pingamizi linalochunguzwa ni lile linalogusa uhalali wa ndoa: mmoja ana ndoa nyingine, analazimishwa, au ni ndugu wa damu wa karibu. "Familia yao hatuipendi" au "mahari haijaisha" ni mambo ya kikao cha ukoo. Hata vizuizi vya kweli havifanani. Watoto wa ndugu wawili hawaruhusiwi kuoana kwa sheria ya Kanisa Katoliki, lakini askofu anaweza kutoa ruhusa maalumu. Aliye na ndoa halali iliyo hai hawezi kupewa ruhusa hiyo na yeyote, na talaka ya mahakama ya serikali haimfungui mbele ya padre. Mjane yeye hupeleka cheti cha kifo cha mwenzi wake.

Dhana: Mafundisho ya ndoa ni kusaini mahudhurio tu.

Semina unaweza kuisinzia. Mahojiano na padre ni shughuli nyingine. Kila mmoja huitwa peke yake na kuulizwa kama amekuja kwa hiari, kama anakubali ndoa ya mke mmoja na mume mmoja hadi kifo, kama yuko tayari kupokea watoto. Majibu huandikwa, naye husaini. Kijana anayejibu kwamba ataangalia mbele ya safari kama ataongeza mke, hapo hapo amesimamisha ndoa yake mwenyewe.

Dhana: Sisi tumeishi pamoja miaka na watoto tunao, tunabarikiwa tu.

Kama hamjafunga ndoa ya Kanisa, mnaanza kama wachumba wengine: vyeti vipya, mafundisho, mahojiano na matangazo. Askofu akiona sababu anaweza kuwasamehe matangazo, lakini ombi hupitia kwa paroko, na haliondoi uchunguzi wa kama mko huru kuoana. Kwa walioishi pamoja muda mrefu ndipo mara nyingi hugundulika mmoja alishafunga ndoa Kondoa au Singida zamani, akaachana na mwenzake bila kumwambia mtu.