Nyumba yako inahitaji Mbps ngapi?

Kipimo data ni kiasi cha data ambacho laini yako ya intaneti inaweza kupitisha kwa sekunde moja. Hupimwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Kujua kiasi kinachotosha nyumba, usihesabu simu na runinga zote zilizomo. Hesabu zile zinazotumika kwa pamoja katika saa ya msongamano mkubwa, ambayo kwa familia nyingi ni usiku, baada ya chakula.

Tuseme ni saa mbili usiku. Runinga ya sebuleni inaonyesha filamu ya Netflix kwa ubora wa 1080p: weka Mbps 5 (ingekuwa 4K, Netflix wenyewe wanashauri 15). Watoto wawili wanatazama video kwenye simu, 3 kila mmoja. Mama yuko kwenye kikao cha Zoom, weka 3. Kijana anacheza gemu mtandaoni, na gemu haili hata 1. Jumla ni 15. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya waifai inayopungua nguvu ukutani na simu zinazojisasisha kimyakimya, unapata 20.

Upakuaji ndio unaowachanganya watu, kwa sababu hauna kiwango chake maalumu: huchukua chochote unachokikuta. Gemu la GB 50 ni megabiti 400,000, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kwa zile 5 zilizobaki, litachukua saa 22 hivi. Usiku wa manane, laini yote ya 20 ikiwa tupu, ni saa tano na nusu. Kwa hiyo usinunue kifurushi kikubwa kwa sababu ya upakuaji peke yake. Uanzishe watu wakilala.

Ukiuanzisha saa mbili, hautosheki na hizo 5. Hugombania laini na wengine na kujaza foleni kwenye ruta, na wa kwanza kulalamika ni kijana wa gemu, ingawa anatumia kidogo kuliko wote. Yeye anahitaji data ifike upesi kuliko anavyohitaji data nyingi. Kuthibitisha, andika amri hii kwenye kompyuta, kwanza nyumba ikiwa imetulia, kisha upakuaji ukiendelea:

```
ping 8.8.8.8
```

Muda wa jibu kurudi ukiruka kutoka milisekunde (ms) 30 hadi 300, foleni imejaa. Steam, programu ya kununua na kupakua magemu, ina sehemu ya kuwekea kikomo kasi ya kupakua; weka kikomo chini ya hizo 5, kisha pima tena.

Hesabu ya kupakia, yaani kutuma data kutoka nyumbani, hufanywa peke yake. Kikao cha Mama kinahitaji kama 3 za kupakia pia, na simu inayohifadhi picha mtandaoni inaweza kuzimeza zote. Vifurushi vingi, hasa vya mtandao wa simu, hutoa kasi ndogo ya kupakia kuliko ya kupakua. Muulize muuzaji namba zote mbili kabla ya kulipa.