P/E ndogo ya mgodi haimaanishi hisa ni rahisi

Juzi mteja ameniwekea simu mezani, hapa Lubumbashi. Kiooni kuna kampuni ya shaba, P/E 6, yaani bei ya hisa ni mara sita ya faida ya mwaka kwa kila hisa. "Papa, hii si ndiyo hisa inayouzwa chini ya thamani yake? Ninunue?" Ni mtu wa nne mwezi huu, na swali lile lile.

Dhana: P/E ikiwa ndogo, hisa ni rahisi. Kwa kampuni za madini, mara nyingi ni kinyume, nasi wa Katanga ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua.

Chukua kampuni ya mfano, kodi tuiache kando. Inachimba tani 100,000 kwa mwaka, kila tani inaigharimu dola 5,000, na ina hisa milioni 100. Shaba ikiwa dola 9,000, faida ni dola 4 kwa kila hisa. Hisa inauzwa dola 24, basi P/E ni 6. Shaba ikishuka hadi 6,000, faida inabaki dola 1. Hisa uliyoinunua dola 24 sasa ina P/E 24, na huwa haikusubiri: bei yake imeshaporomoka. Mnakumbuka 2008: katikati ya mwaka shaba ilipita dola 8,000, Desemba ikawa chini ya 3,000.

Mteja wangu anauza unga soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Nikamuuliza: nikilipima duka lako kwa faida ya Februari, unga ukiwa adimu, nitakuwa nimelipima sawasawa? Akatikisa kichwa. "Mavuno yakiingia, faida hiyo haipo."

Basi anayetafuta thamani hupima mgodi kwa wastani wa faida ya miaka kama kumi, mibaya ikiwemo. Wastani wa kampuni yetu ukiwa dola 2, P/E ya kweli ni 12. Kisha anatazama madeni, na gharama ya kila tani ikilinganishwa na ya migodi mingine. Mgodi wa gharama kubwa wenye madeni mengi ndio hufungwa kwanza, kwa hiyo mimi huanza na ukurasa wa madeni, hata kabla ya faida.

Nyingine: "P/E 40 ni wizi." Si lazima. Faida ikikua asilimia 25 kila mwaka, baada ya miaka mitano imezidi mara tatu, na kwa bei ile ile uliyolipa P/E inashuka hadi 13 hivi. Hatari yake ni ukuaji kupungua mwaka wa pili, si namba 40 yenyewe.

Na "kampuni isiyotoa gawio haina faida"? Amazon haijawahi kutoa gawio la fedha taslimu. Kampuni ya ukuaji hurudisha faida yake kwenye biashara, na cha kuuliza ni kama fedha hizo zinazaa.

Yule wa unga amerudi na ripoti za miaka kumi za ule mgodi. Miaka mitatu ni hasara. Hajanunua.