Tahajudi: dua si ya sijda ya mwisho peke yake

Kila siku naulizwa: "Sheikh, kwenye ile sijda ya mwisho ya tahajudi niombe nini?" Muulizaji huwa kashakimbiza sijda zote za mwanzo, tasbihi tatu za haraka, kisha anataka kulala kwenye ya mwisho robo saa akimwaga haja zake kwa Kiswahili. Hii sijda ya mwisho imetoka wapi? Hadithi ya Muslim inasema mja huwa karibu zaidi na Mola wake anaposujudu, basi zidisheni dua. Haikuchagua sijda. Na Bi Aisha, katika Bukhari, anaeleza sala ya usiku ya Mtume (s.a.w.) ya rakaa 11, akisujudu kiasi cha mtu kusoma aya 50 kabla hajainua kichwa. Hapo pia haisemwi ya mwisho. Kurefusha ya mwisho si kosa. Kosa ni kuziacha nyengine tupu ukiamini kwamba hazina fungu.

Lililo zito zaidi ni hicho Kiswahili. Sisi Unguja na Pemba wengi wetu ni Mashafii, na katika madhehebu yetu dua uliyoitunga mwenyewe kwa lugha isiyo Kiarabu ndani ya sala inabatilisha sala. Asiyeweza Kiarabu anaruhusiwa kutafsiri dua zilizopokewa, lakini si kutunga zake. Wapo wanazuoni wa nje ya madhehebu walioruhusu kwa asiyejua, na sitamkemea mzee wa shamba aliyefuata kauli hiyo. Tena mpaka wa "asiyeweza" si mwepesi kuuchora: mtu aliyepita chuoni akahifadhi juzuu nzima, kweli hawezi mstari mmoja wa dua? Mimi naona anaweza.

Tumchukue mtu mwenye deni la duka. Akisujudu, aseme kwanza Subhana rabbiyal-aala mara tatu, kisha dua aliyopokea Muslim: Allahumma-ghfir lii dhambii kullahu, diqqahu wa jillahu, wa awwalahu wa aakhirahu, wa alaaniyatahu wa sirrahu. Anaomba asamehewe dhambi zote, ndogo na kubwa, za mwanzo na za mwisho, za dhahiri na za siri. Ndipo aombe la deni, kwa dua aliyopokea Tirmidhi kutoka kwa Sayyidna Ali: Allahumma-kfinii bihalaalika an haraamik, wa aghninii bifadhlika amman siwaak. Amtoshe kwa halali asiiendee haramu, amtajirishe kwa fadhila Zake asimhitaji mwengine. Jina la anayemdai na kiasi cha deni aviweke moyoni. Moyo haubatilishi sala. Airudie hiyo hiyo katika kila sijda. Akitumia dua ya Kurani, kama Rabbanaa aatinaa, anuie dua, kwani kusoma Kurani katika sijda kumekatazwa.

Akishatoa salamu, akae na aseme Kiswahili chake mpaka achoke. Akae, asirudi chini! Kusujudu nje ya sala bila ya sababu, eti kwa kuomba tu, Imamu Nawawi ameliharamisha, na ndilo ninaloliona likizidi.

Kuamka nako kumeharibiwa na "saa tisa kamili". Saa tisa haina fadhila ya peke yake. Hesabu kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Magharibi ikiingia saa 12:30 na alfajiri saa 11:00, usiku ni saa kumi na nusu, thuluthi yake saa tatu na nusu, na thuluthi ya mwisho inaanza saa 7:30. Kwa hiyo anayeamka saa 10:00 bado yumo ndani na ana saa nzima. Anayeanza namshauri hiyo saa 10:00, maana anayejilazimisha saa nane baada ya kukaa barazani mpaka saa sita atasinzia sijdani, na Mtume (s.a.w.) amemwambia anayesinzia akalale, asije akataka kuomba maghfira akajitukana. Lala mapema baada ya isha, pumzika kidogo mchana, weka simu mbali na kitanda mpaka uinuke kuizima. Ukiamka futa uso, piga mswaki, soma aya 10 za mwisho za Aali Imraan, tawadha, anza na rakaa mbili nyepesi.

Usingizi ukikushinda na ulilala kwa nia, umeandikiwa ulichonuia.

Na aliyeswali witri baada ya isha hajafungiwa mlango. Aamke aswali mbili mbili, asirudie witri, kwani hakuna witri mbili katika usiku mmoja.