Muhuri "juu ya" saini: namna ya kuandika mihuri na saini zinazopishana na maneno ya cheti

"Muhuri juu ya saini." Maneno hayo manne nimeyakuta mara nyingi katika nukuu za vyeti zinazofika mezani kwangu kukaguliwa, na kila mara inanibidi kuuliza swali lile lile: juu ipi? Huenda mwandishi alimaanisha kwamba muhuri uko sehemu ya juu ya ukurasa, na saini iko mistari miwili chini yake. Huenda alimaanisha kwamba muhuri umegongwa ukaipitia saini. Au alimaanisha jambo zito zaidi, kwamba wino wa muhuri umeulalia wino wa saini, yaani afisa alitia saini kwanza na muhuri ukagongwa baadaye. Maana ya kwanza na ya pili zinaeleza mahali. Ya tatu inaeleza mambo yalivyofuatana, na mahakamani inaweza kubadilisha hukumu.

Kunukuu cheti ni kuyaandika upya kwa kuchapa maneno yote yaliyo kwenye hati, ili mtu asiyekuwa na hati yenyewe ajue imeandikwa nini. Maneno yaliyopigwa chapa si tatizo kubwa. Shida huanza pale muhuri wa ofisi unapoangukia tarehe, au saini inaponyoosha mkia wake hadi kwenye namba ya usajili. Hapo mnukuzi ana vitu viwili mahali pamoja, na mstari wake unaweza kubeba kimoja tu.

Neno ninaloshauri ni "kupishana": muhuri unapishana na saini, saini inapishana na namba. Neno hili linasema tu kwamba vitu viwili vimekutana kwenye karatasi. Halisemi kipi kilitangulia, na hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu kwa kawaida mnukuzi hawezi kujua. Chukua muhuri wa buluu na saini ya kalamu nyeusi. Ukiangalia kwa macho utaapa kwamba saini iko juu, kwa kuwa mistari yake myeusi inakatiza buluu bila kufifia. Lakini wino mweusi huonekana hivyo hata kama muhuri ndio uliofuata. Rangi nzito huipenya rangi nyepesi machoni, hata ikiwa imefunikwa nayo. Kujua mfuatano wa kweli ni kazi ya mtaalamu wa uchunguzi wa hati, mwenye hati halisi na hadubini. Anayenukuu kutoka kwenye picha ya skani aishie kwenye kupishana.

Neno jingine la kuangalia ni "muhuri" lenyewe. Kwa Kiswahili tunaliita muhuri kila kitu ambacho ofisi hugonga, hubonyeza au hubandika. Kwa hiyo ongeza neno la kuutofautisha: muhuri wa wino, muhuri wa kubonyeza (ule usio na wino, unaoinua karatasi ukaweza kuupapasa kwa kidole), au muhuri wa lakiri. "Stempu" iachie stempu ya posta na ya ushuru. Na kwa jina lililoandikwa kwa mkono andika "saini". "Sahihi" ni Kiswahili safi, lakini mstari unaosomeka "sahihi haionekani vizuri" unaweza kumfanya mtu adhani unalalamikia usahihi wa cheti.

Sasa tuchukue mfano na tuufuate hadi mwisho. Tuna cheti cha kuzaliwa. Sehemu ya chini kuna tarehe ya kusajiliwa iliyoandikwa kwa mkono, na chini yake saini ya msajili. Muhuri wa mviringo wa buluu umegongwa kulia, ukaangukia tarakimu ya pili ya tarehe na nusu ya saini. Unachosoma haraka ni "1", kisha doa la buluu, kisha "Machi 1987". Katikati ya muhuri kuna tarehe yake: 14 MAC 1991.

Kishawishi kiko wazi. Mwezi ni ule ule, tarakimu ya kwanza ni ile ile, basi bila shaka iliyofunikwa ni 4. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Tarehe ya muhuri ni ya siku muhuri ulipogongwa, na mwaka wake unaonyesha kwamba ni miaka minne baada ya usajili. Huenda ndiyo siku nakala hii ilipotolewa. Haiwezi kutumika kuziba pengo la tarehe nyingine.

Kinachofaa ni kurudi kwenye picha. Iwe ya rangi, na iwe imeskaniwa kwa angalau nukta 300 kwa inchi. Kwa sehemu yenye maandishi madogo, 600. Nakala ya fotokopi nyeusi na nyeupe hugeuza wino wote kuwa kijivu, na hapo mlango unafungwa. Ukiwa na picha ya rangi, fungua programu ya kuhariri picha na uzitenganishe chaneli zake tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kwenye chaneli ya buluu, wino wa buluu hung'aa na kukaribia weupe wa karatasi, ilhali maandishi meusi hubaki meusi. Muhuri unafifia, tarakimu inajitokeza. Kwenye chaneli nyekundu ni kinyume chake: muhuri wa buluu unakolea, nawe unaweza kusoma maneno yake ya ukingoni. Kwa muhuri mwekundu, chaneli nyekundu ndiyo inayoufifisha. Muhuri mweusi juu ya maandishi meusi hauna dawa kwa njia hii. (Na hapo nimeandika "juu ya" mimi mwenyewe; katika makala si neno, katika nukuu ya cheti ni kosa.)

Katika mfano wetu, chaneli ya buluu inaonyesha mkunjo upande wa juu kulia na mguu bapa chini. Tarakimu 4 haina mguu bapa. Kinachobaki kinafanana sana na 2, ingawa sehemu ya katikati haionekani. Basi hatuandiki 12 kana kwamba tumeisoma bila shida, wala hatuandiki "haisomeki" kana kwamba hatukuona kitu. Tunaandika tulichokiona pamoja na kiasi cha uhakika wetu:

```
Tarehe ya kusajiliwa: 1[huenda ni 2] Machi 1987
  [M1 unapishana na tarakimu ya pili]
Msajili: [saini, wino mweusi, haisomeki;
  M1 unapishana na nusu yake ya kulia]

[M1: muhuri wa wino wa buluu, mviringo,
kipenyo kama sm 4. Ukingo wa juu:
"OFISI YA MSAJILI WA VIZAZI NA VI"
+ herufi 2 zilizofunikwa na saini.
Katikati: "14 MAC 1991".
Ukingo wa chini: herufi kama 6, hazisomeki.]
```

Angalia kwanza mabano. Kila neno la mnukuzi limo ndani ya mabano ya mraba, na kila kilicho nje ni cha cheti. Mabano ya duara hayafai, kwa sababu vyeti vyenyewe huyatumia, na msomaji atashindwa kujua maneno ni ya nani. Desturi hii ya kutenganisha kwa alama kilichosomwa na kilichokisiwa si ngeni. Wasomaji wa maandishi ya kale walikubaliana mjini Leiden mwaka 1931 juu ya alama za kazi hiyo, zikiwemo mabano ya mraba kwa maandishi yaliyopotea. Kwa vyeti napendelea maneno kamili kuliko alama, kwani karani anayepokea nukuu hajasomea alama hizo.

Angalia pia kwamba muhuri umepewa jina fupi, M1, na maelezo yake yamekaa mahali pake pa pekee. Ukiyamwaga maneno ya muhuri katikati ya mstari wa tarehe, utapata kitu kama "1 OFISI YA Machi MSAJILI 1987", na nimeshaona nukuu ya namna hiyo ikikataliwa. Mstari wa cheti ubaki mzima, muhuri nao usomeke mzima.

Halafu zile herufi mbili zilizofunikwa. Kila mtu anajua kwamba baada ya "VIZAZI NA VI" zinafuata "FO". Mimi pia najua. Lakini muhuri hauzionyeshi, na siku ambayo neno litakuwa jina la mahali au la ofisi usiyoifahamu, mazoea ya kukamilisha yatakuponza. Hesabu nafasi, andika idadi, eleza kilichozifunika. Tena usichanganye "haisomeki" na "imefunikwa" au "imekatika". Herufi isiyosomeka ipo lakini wino umevujia. Iliyofunikwa ina kitu kingine mahali pake. Iliyokatika haikuwahi kugusa karatasi, kama vile muhuri ulipogongwa nusu nje ya ukingo. Anayetaka kuhakiki baadaye atajua kama inafaa aombe picha bora au la.

Jina la ofisi kwenye muhuri lina msomaji wake maalumu. Cheti kinachovuka mpaka kati ya nchi mbili zilizo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 hubandikwa apostili, ambayo ina mistari kumi yenye namba. Mstari wa pili unataja aliyetia saini, wa tatu wadhifa wake, wa nne ofisi ambayo muhuri wake uko kwenye hati. Apostili huthibitisha saini, wadhifa na muhuri. Haithibitishi yaliyomo ndani ya cheti. Anayepokea karatasi hizo ataulinganisha mstari wa nne na M1 yako. Ukiwa umeandika tu "muhuri wa ofisi", hana cha kulinganisha.

Kuhusu saini, andika jina tu pale saini yenyewe inaposomeka. Mara nyingi chini yake kuna jina lililochapwa, na mtu huandika "saini ya fulani". Tenganisha: saini haisomeki, jina lililochapwa chini yake ni hili. Inawezekana aliyetia saini alikuwa naibu, kwa niaba ya mwenye jina.

Muhuri wa kubonyeza ndio unaosahaulika kuliko yote, kwa kuwa skana huangaza karatasi moja kwa moja na kuufuta. Herufi zilizo ndani yake huonekana tu kama zimepinda kidogo, nawe unadhani mashine iliteleza. Ukiona maneno yaliyopinda katika umbo la duara, mwombe mwenye hati aipige picha chumba kikiwa na giza kiasi, tochi ikilazwa kando ya karatasi karibu usawa wa meza. Vivuli vya kingo vitaichora ile duara pamoja na maandishi yake. Asipoweza, andika "[maneno yamepinda katika umbo la duara, kipenyo kama sm 4; huenda ni muhuri wa kubonyeza, maandishi yake hayaonekani kwenye skani]". Katika nakala za zamani wanukuzi walitosheka kuandika L.S., kifupi cha Kilatini chenye maana ya mahali pa muhuri. Ukiikuta kwenye nakala kama hiyo, inukuu ilivyo, wala usiandike kwamba kuna muhuri: herufi hizo zinasema ulikuwepo kwenye hati ya kwanza, si kwenye karatasi uliyoishika.