Ngazi ya Jaribio Si Aina ya Jaribio

Mipango mingi ya majaribio ya programu tunayoletewa kukagua ina orodha ileile: jaribio la sehemu, la mfumo, la kasi, la mapokezi. Orodha hiyo imechanganya mambo mawili. Sehemu, mfumo na mapokezi ni ngazi, yaani kinachopimwa ni kipande gani na anayepima ni nani. Kasi ni aina, sawa na kazi, yaani kama kipande kinafanya kinachotakiwa; aina ni kile unachotaka kujua kuhusu kipande hicho. Tumelirudia hili mara nyingi: kasi haingoji zamu yake baada ya mfumo kukamilika. Aina yoyote inaweza kufanyika katika ngazi yoyote.

Chukua mfumo wa kusajili waombaji, wenye kipande cha msimbo kinachosaka rekodi zilizojirudia kwa kulinganisha kila rekodi na nyingine zote. Mtunzi wake anakipa rekodi 20, mbili zikiwa za mtu mmoja, nacho kinazibaini. Hilo ni jaribio la kazi katika ngazi ya sehemu, na limefaulu kihalali. Ila rekodi 20 ni milinganisho 190 tu. Rekodi 1,000 ni milinganisho 499,500, na zikifika 100,000 inakaribia bilioni 5.

Kasoro hii hugundulika mapema, kabla mfumo haujaunganishwa. Kipime kipande peke yake kwa rekodi 1,000, kisha 2,000, kisha 4,000. Muda ukipanda takriban mara nne kila rekodi zinapoongezeka maradufu, tatizo limo ndani ya msimbo, na seva kubwa itaahirisha tu siku ya kukwama. Dawa ni kupanga rekodi kwanza, zinazofanana zikae jirani, ndipo kila moja ilinganishwe na jirani zake.

Hata hivyo, kipande chenye kasi hakithibitishi kasi ya mfumo mzima. Watumiaji 200 wakiingia kwa pamoja, wanaweza kusubiriana kwenye hifadhidata, na foleni hiyo haionekani kipande kikipimwa peke yake. Kwenye mapokezi, mwenye mfumo hupima kwa masharti yaliyoandikwa, mfano maombi 95 kati ya 100 yajibiwe ndani ya sekunde 3. “Mfumo uwe wa haraka” si sharti, kwa sababu hakuna awezaye kulipima.

Kwa hiyo kila mstari wa mpango uwe na safu mbili, ngazi na aina, na zote zijazwe. Uandike pia kiasi cha data kitakachotumika na nani atatia sahihi. Mstari ukikosa safu mojawapo, mpango mzima hurudishwa, hata kama mistari mingine ni sahihi, na ukiletwa tena ukaguzi huanza upya kuanzia mstari wa kwanza.